Siku ya tisa damu ikarudi, nikajua nimekwisha

Siku ya tatu baada ya kukatwa zile chembe zinazoweza kugeuka saratani pale mlango wa kizazi, kwa kile kiwaya cha kitanzi chenye umeme, nikaingia chooni asubuhi nikakuta kwenye pedi kitu cheusi cha chembechembe kama kahawa inayobaki chini ya kikombe, na sisi watu wa Moshi kahawa tunaijua. Nikasema nimeoza. Hospitali waliniambia tu "utaona uchafu kidogo", basi. Kumbe ni ile dawa nzito wanayopaka walipokata ili damu isimame, ina madini ya chuma, ikikutana na damu inakuwa nyeusi halafu inatoka yenyewe. Kwangu ilitoka kama siku nne hivi, yakafuata majimaji ya pinki.

Sasa siku ya tisa nikajiona mzima, nikarudi Mbuyuni kwenye ndizi zangu, nikanyanyua mkungu kumpakilia mteja kwenye boda, dakika chache nasikia kitu cha moto kinashuka, damu nyekundu mbichi kabisa. Nikampigia nesi wa kliniki huku natetemeka, akauliza kitu kimoja tu, "pole dada, pedi inajaa kwa muda gani?" Nikamwambia nimeivaa saa nne, sasa hivi ni saa saba, pedi imejaa nusu tu. Akaniambia pale palipokatwa panashika kigaga, na kuanzia kama wiki ya kwanza mpaka ya pili kigaga kinabanduka, ndo damu inaonekana tena siku moja mbili, nenda kalale na mikungu waachie wengine. Kufika jioni yalibaki matone.

Ila ingekuwa pedi inalowa yote ndani ya saa moja na inayofuata hivyohivyo, au yanatoka mabonge makubwa, hapo usingoje kupambazuke. Harufu kidogo ya chuma haina shida, uvundo ndo shida, hasa ukija na homa au tumbo la chini linalozidi kuuma, hiyo ni infeksheni, na infeksheni ikiingia hata damu inaweza kugoma kukata.

Wifi yangu wa Arusha yeye hakukatwa, aligandishwa palepale mlango wa kizazi kwa baridi kali, hakuona cheusi wala nini, yake yalikuwa maji tu kama ya kuoshea mchele, mengi hatari, pedi nne kwa siku karibu mwezi mzima. Ni ile nyama iliyoungua kwa baridi inatoka, kwa hiyo usilinganishe zako na za aliyekatwa.

Wote wawili tuliambiwa wiki 4 bila tendo, bila tamponi, bila kujiosha ndani, na mambo ya ndimu na mwarobaini huko chini wekeni pembeni jamani, ni kidonda kile. Mume wangu alinuna wiki ya pili, nikamwambia kidonda kibichi kinarahisisha kuambukizana virusi, akatulia. Hedhi ya kwanza ilikuja nzito kuliko kawaida yangu, hiyo nayo nilikuwa nimeshaambiwa, sikumpigia mtu.