Godoro nene au godoro zito?

Nimeona magodoro mawili ya futi 5 kwa 6. La inchi 10 ni shilingi 260,000, la inchi 8 ni 300,000. Kwa nini nilipe zaidi nipate jembamba?

Mwombe muuzaji mzani kabla hujatoa hela. Inchi zinakwambia sponji imepanda juu kiasi gani, ila hazikwambii kama ni sponji au ni hewa. Densiti ni kilo za sponji katika mita moja ya ujazo, nayo unaweza kuipata mwenyewe.

Tuseme, ukishatoa kilo moja hivi ya kava, lile nene lina kilo 11 na jembamba kilo 14. Godoro la 5 kwa 6 la inchi 10 lina mita za ujazo 0.7, la inchi 8 ni kama 0.56. Gawanya: nene linakuja chini kidogo ya 16, jembamba 25. Hiyo 16 ni ya kitanda cha mgeni anayelala siku mbili akaondoka. Wawili wakililalia kila siku, katikati patafanya shimo mapema. Na kwa kilo, lile "rahisi" unalinunua kwa karibu 23,600, jingine 21,400. Mimi ningechukua la inchi 8.

Nimelibonyeza dukani, ni gumu kama ubao. Hiyo si ndiyo densiti kubwa?

Hapana. Sponji hafifu inaweza kutengenezwa ngumu, na nzito ikatengenezwa laini. Ugumu unausikia siku ya kwanza. Densiti inakuonyesha kama ugumu huo utabaki.

Hata mzani hudanganywa, maana wapo wanaochanganya unga wa chokaa ili sponji iongezeke uzito. Fungua zipu, sugua pembe ya sponji kwa kidole gumba. Ikitoa vumbi jeupe au ikamenyeka vipande, achana nayo.

Kava la zipu lina faida, au ni urembo tu?

Lina faida: linafulika, na linakuwezesha kuona unachonunua. Lile lililoshonwa likafungwa kabisa, omba kuona kipande cha sponji yenyewe. Maua na kung'aa visikuongezee bei.

Nina waranti ya miaka 5. Godoro limebonyea mwaka wa pili, duka limekataa. Ni haki?

Soma karatasi yako. Waranti nyingi hutaja kina cha shimo, kwa sentimita, linalohesabiwa kuwa kasoro. Weka rula ndefu au ubao ulionyooka juu ya godoro bila mtu, pima kutoka ubaoni hadi chini ya shimo, piga picha, rudi na risiti. Angalia na chaga zako. Langu mimi lilikataliwa kwa sababu chaga zilikuwa zimeachana, mkono unapita katikati, na sponji ilikuwa imezama humo. Iliuma, lakini kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa.