Ushuru wa mzigo wa nje: nauli nayo inatozwa

"Viatu nimelipia laki moja mtandaoni, mbona vimefika Kigoma kwa zaidi ya laki mbili?" Ndivyo alivyouliza mwenzetu hapa.

Forodha haihesabu bei ya duka peke yake. Inajumlisha bei, nauli ya meli na bima mpaka mzigo unapoingia nchini, ndipo inatoza. Mimi hutoa mizigo ya watu Dar.

Chukua bei 100,000 na nauli ya meli 60,000, bima tuiache: 160,000. Kama bidhaa iko kundi la asilimia 25, ushuru ni 40,000. Sasa VAT: ndugu hapo juu aliyepiga asilimia 18 ya laki kapatia ile 18, ila haipigwi kwenye laki, inapigwa kwenye 160,000 pamoja na ushuru, yaani 200,000, unapata 36,000. Umefika 236,000, na tozo ndogo ndogo kama ya reli bado, na parseli ya basi Dar–Kigoma unalipa mwenyewe.

Makundi mengine ni 0, 10 au 35, kwa hiyo usipigie kila kitu hesabu hii.

Dada wa Ujiji, wewe uliyesema ulilipa kwa kilo kupitia wakala, hiyo kesi nyingine. Muulize kama kilo imebeba na ushuru.