Kagua kwanza, ndipo umwandikie mteja

Kwa muda mrefu ujumbe wangu wa kutafuta kazi za tovuti kwa wenye hoteli ndogo za Paje na Jambiani, Zanzibar, ulikuwa na mstari huu: "Nakagua tovuti bure, ukihitaji niambie." Hakuna aliyehitaji. Mwenye hoteli akisoma hivyo anaona ameongezewa kazi: ajibu, asubiri, mwishowe auziwe kitu.

Siku hizi nakagua kwanza. Nazima waifai, natumia bando la simu ya kawaida, natafuta chumba kama mgeni. Nusu saa, haizidi. Siingii kunakotaka neno la siri. Naangalia kile tu ambacho mgeni yeyote anakiona.

Kuna hoteli moja ya vyumba vinane, picha zake safi kabisa. Nilipobonyeza kitufe cha WhatsApp, nikaambiwa namba si sahihi. Aliyeitengeneza tovuti aliandika namba kama tunavyoipiga hapa nyumbani, ikianza na sifuri. Kiungo cha WhatsApp kinataka msimbo wa nchi, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Kiungo cha kwanza hapa hakifanyi kazi, cha pili ndicho sahihi:

```
https://wa.me/0777XXXXXX
https://wa.me/255777XXXXXX
```

Mgeni akikwama hapo anahamia hoteli nyingine, na mwenye hoteli hajui kama kuna mtu alibisha hodi.

Nilirekodi skrini kwa sekunde arobaini, nikamtumia mwenye hoteli na maneno haya: "Assalaam alaykum dada. Nimejaribu kuulizia chumba, kitufe cha WhatsApp hakifiki kwako, tazama video. Namba ianze na 255 badala ya 0. Aliyekutengenezea tovuti atairekebisha kwa dakika chache." Bei sikutaja, huduma zangu sikuzieleza.

Jioni akajibu: "Ahsante sana kaka. Na ile fomu ya kuulizia, inafika kweli?" Hapo ndipo nilipojua tuna mazungumzo. Wengi hushukuru tu, nami siwafuatilii zaidi ya mara moja. Anayeuliza la pili ameshaanza kuhesabu wageni waliompotea. Nilimjibu kwamba fomu inakaguliwa kwa kuingia ndani ya tovuti, na hiyo ni kazi ya malipo. Nikampa bei na siku mbili za kuimaliza.

Usitoe zaidi ya hapo. Niliwahi kumpelekea mtu ripoti ya kurasa kumi na moja, kila kosa na dawa yake. Akampa fundi wake, yakarekebishwa yote. Hakunikosea, kazi nilikuwa nimeshampa. Lakini usiende upande wa pili ukataja kosa na kuificha dawa mpaka ulipwe. Watu wanauona mtego huo mapema. Kosa moja, na dawa yake kamili.

Tovuti nisipoikuta na kosa linalomnyima mwenye hoteli wageni, simwandikii. Naenda hoteli inayofuata.