Swali limebadilika kitenzi, fikra ni ile ile

"Mkuu wa taaluma anasema maswali yangu ya usanisinuru, kidato cha pili, ni ya kukariri. Nimebadilisha 'taja' nikaweka 'chambua', bado kayarudisha. Nifanyeje?"

Mwalimu mwenzangu, ngazi za kufikiri za Bloom hazipimwi kwa kitenzi. "Chambua mahitaji ya usanisinuru" ni kukumbuka tu, kwa sababu jibu lipo daftarini. Kabla ya kuandika swali, jiulize kama mwanafunzi aliyekariri notsi anaweza kulijibu bila kuwaza. Akiweza, lipo ngazi ya chini hata ukiandika "tathmini".

Dawa yake ni kumpa kitu ambacho hajakiona. Chukua jaribio la jani lililofunikwa kipande kwa karatasi nyeusi, likaachwa juani, kisha likapimwa wanga kwa ayodini. Uliza: "Juma aliona sehemu zote mbili zimegeuka bluu-nyeusi. Nini huenda kilikosewa?" Huo ndio uchambuzi: lazima aunganishe hatua na matokeo mpaka agundue kwamba huenda mmea haukuwekwa gizani kwanza, siku moja au mbili, ili wanga wa zamani uishe. Kisha panda ngazi: "Juma amehitimisha kwamba mwanga hauhitajiki. Je, ushahidi wake unatosha? Tetea jibu lako." Hapo anatathmini.

Ila ukilifanyia kazi darasani swali hilohilo wiki hii, kwenye mtihani limeshashuka kuwa la kukumbuka. Badilisha tukio: safari hii tumia jani lenye mabaka meupe. Na "taja" mbili tatu ziache mwanzoni. Asiyejua ayodini inaonyesha nini hataambulia kitu huko juu.