Kwa anayeanza kusoma habari za Mafarisayo, Masadukayo na Waesene: anza na birika, si na ufufuo

Nilipoanza kusoma historia ya Wayahudi wa zama za Hekalu la Pili, nilichora jedwali la safu tatu, moja kwa kila kundi la Kiyahudi la wakati huo, na kulijaza kwa fahari. Chini ya Masadukayo niliandika kwamba wanakana ufufuo, chini ya Mafarisayo kwamba wanausadiki, na chini ya Waesene kwamba mambo yote huongozwa na majaliwa ya Mungu. Mwalimu wangu alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza ni mstari gani katika jedwali hilo ungemfanya kuhani aache kazi yake Yerusalemu na kuvunja uhusiano na wenzake. Sikuwa na jibu, kwa sababu jedwali lenyewe halikuwa nalo.

Jedwali la namna hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na Flavio Yosefo, mwanahistoria Myahudi ambaye alizaliwa Yerusalemu mwaka 37 BK, akaandika vitabu vyake Roma baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, na akawaandikia watu waliozoea kusikia habari za shule za falsafa za Kiyunani. Ndiyo maana alizieleza pande hizi kama shule za falsafa zinazobishana juu ya majaliwa na roho. Hakusema uongo, kwani hata Matendo ya Mitume sura ya 23 inaonyesha jinsi Paulo alivyoligawa baraza kwa kutaja ufufuo. Hata hivyo, mgeni akitaka kuelewa kwa nini watu hawa walishindwa kukaa pamoja, ni heri aanze na mambo waliyoyafanya kila siku kwa mikono yao, kama vile kumimina maji.

Chukua birika safi lenye maji safi, uyamimine katika bakuli ambalo ni najisi kwa mujibu wa Torati. Maji yaliyoingia katika bakuli yamenajisika, na hilo halina ubishi. Lakini maadamu unaendelea kumimina, kuna mkondo usiokatika unaounganisha bakuli na birika. Je, unajisi unapanda kwa mkondo huo hadi maji yaliyobaki juu, au mkondo hauhesabiwi kuwa kiungo? Anayesema unapanda atalazimika kumwaga maji yote ya birika, na anayesema haupandi ataendelea kuyatumia. Kwa kuhani ambaye chakula chake kitakatifu hakiruhusiwi kuguswa na kitu najisi, jibu hilo linaamua anaweza kula kwa nani na kupokea chombo kutoka mkono wa nani.

Swali hili limehifadhiwa mahali pawili ambapo waandishi wake hawakupendana hata kidogo. Mahali pa kwanza ni Mishna, mkusanyiko wa marabi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, ambamo Masadukayo wanawalalamikia Mafarisayo kwa kuuhesabu mkondo huo kuwa safi. Mafarisayo wanajibu kwa lalamiko lao: nanyi mbona mnauhesabu kuwa safi mfereji wa maji unaotoka makaburini? Usishangae kwamba Mafarisayo ndio waliopewa neno la mwisho, maana marabi walijiona kuwa warithi wao.

Mahali pa pili ni maandishi yaliyopatikana katika pango la nne la Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, ambayo mabaki ya nakala zake sita yalichapishwa pamoja mwaka 1994. Yameandikwa kama barua ambamo “sisi” tunamweleza “wewe” matendo ambayo “wao” wanayakosea. Kuhusu mkondo, waandishi wanasema kwamba hautenganishi najisi na safi, kwa sababu maji yanayomiminwa na maji ya chombo kinachoyapokea ni maji mamoja. Humo humo wanataka mbwa wasiingizwe Yerusalemu, wasije wakala mifupa ya Hekalu ambayo bado ina nyama. Mwanzoni nilicheka niliposoma habari za mbwa, nikaacha kucheka nilipofika mahali wanaposema kwamba wamejitenga na umati wa watu na kukataa kushirikiana nao katika mambo hayo. Hapo nililipata jibu la swali la mwalimu wangu.

Zingatia namna ushahidi huu unavyofanya kazi. Barua ya Kumrani imeitangulia Mishna kwa zaidi ya miaka mia mbili na inatetea upande wa pili, lakini zote mbili zinakubaliana kwamba ubishi ulikuwapo na kwamba ulihusu jambo lile lile. Mashahidi wawili wanaochukiana wakilitaja jambo moja, tunayo sababu nzuri ya kuliamini, ingawa hatulazimiki kuamini kila kitu ambacho kila mmoja anasema juu ya mwenzake.

Kosa linalofuata hapa nimeliona kwa wanafunzi wengi, nami pia nililifanya. Mtu akiona kwamba watu wa Kumrani wanakubaliana na Masadukayo kuhusu mkondo, anahitimisha mara moja kwamba walikuwa Masadukayo. Ngoja kwanza. Matendo ya Mitume inasema Masadukayo walikana malaika, ilhali maandishi ya Kumrani yamejaa malaika, na yanafundisha kwamba Mungu alikwisha kupanga kila jambo, fundisho ambalo Yosefo analihusisha na Waesene. Pande mbili zinaweza kurithi sheria zilezile za kikuhani na bado zikaachana katika mengine yote, kwa hiyo pima sheria peke yake na imani peke yake kabla ya kulipa kundi jina.

Neno “madhehebu” nalo, ambalo Biblia yetu ya Kiswahili inalitumia kwa Masadukayo na Mafarisayo, lisikufanye uwaze makanisa mawili yenye majengo na wachungaji tofauti. Hekalu lilikuwa moja, na hata waliolilaumu walibishania namna ya kulitumikia. Yosefo anataja Mafarisayo zaidi ya 6,000 na Waesene zaidi ya 4,000. Hata ukizipokea takwimu hizo kwa tahadhari, Wayahudi wengi sana wanabaki nje ya makundi yote.

Kama birika bado halijakushawishi, tazama kalenda. Hekalu lilifuata miezi ya mwandamo, yenye siku 29 au 30. Magombo kadhaa ya Kumrani yanafuata mwaka wa siku 364, yaani majuma 52 kamili, ambamo kila sikukuu huangukia siku ileile ya juma kila mwaka na Siku ya Upatanisho huwa Ijumaa daima. Ufafanuzi wa kitabu cha Habakuki uliopatikana huko unasimulia kwamba Kuhani Mwovu, kuhani wa Hekalu aliyekuwa adui wa kundi hilo, alimfuatia Mwalimu wa Haki, kiongozi wao, hadi mahali pa uhamisho wake, akawatokea yeye na watu wake katika Siku ya Upatanisho, walipokuwa wamefunga na kupumzika. Nilipousoma mara ya kwanza niliona ukatili tu. Mara ya pili nilijiuliza kuhani wa Hekalu angewezaje kusafiri siku hiyo, wakati kazi ya Kuhani Mkuu siku hiyo ni kuingia Patakatifu pa Patakatifu, na mtu yeyote haruhusiwi kufanya kazi. Maelezo ambayo wataalamu wengi wameyakubali ni kwamba haikuwa siku hiyo kwake. Kwa kalenda yake ilikuwa siku ya kawaida, na huenda aliichagua makusudi, akijua kwamba waliofunga hawangeinua mkono kujitetea.