Maswali na Majibu: Mgeni Akiuliza Bei, Mpe Chumba

"Hoteli yetu ya vyumba 14 iko Ngara. Watu wanauliza bei kwa WhatsApp, tunawajibu, halafu kimya. Wengine tunawaona baadaye wameingia kupitia Booking.com. Tunakosea wapi?"

Jibu lenu la kwanza ndilo ningelichunguza. Mgeni anaandika "Vyumba ni pesa ngapi?", mapokezi wanajibu "Kuanzia 4,500, karibu sana." Mpaka hapo hajui kama Ijumaa kuna nafasi, kama kiamshakinywa kimo, wala atalipa wapi. Na huenda ameshawaandikia wengine watatu papo hapo. Kule Booking.com anaona tarehe, jumla na kitufe cha kumalizia, basi anakwenda huko.

Chukulia wageni wawili wanatoka Kisumu, wanataka kulala Ijumaa na Jumamosi. Wajibiwe hivi:

"Karibuni. Ijumaa na Jumamosi chumba cha watu wawili kipo, kitanda kikubwa, kiamshakinywa kimo. Siku mbili ni 11,000 jumla, hakuna cha kuongeza. Nakushikia hadi saa kumi na mbili jioni leo. Ukituma 3,000 kwa namba yetu ya Lipa na M-Pesa kinakuwa chako, zilizobaki utalipa ukifika."

Asipotaja tarehe, muulize hizo na idadi ya watu katika ujumbe mmoja. Ukimhoji swali baada ya swali, atachoka. Mazungumzo yakifika ujumbe wa tatu bila kuafikiana, mpigie. Wengi wana shaka ndogo tu, kama maegesho au maji moto, ambayo hawakuona haja ya kuiandika. Saa kumi na mbili ikifika kimya, mkumbushe mara moja, kisha kiachilie chumba.

Kuna jambo la pesa ambalo wenye hoteli hulipuuza. Nairobi watu wametapeliwa sana na vyumba hewa, kwa hiyo mgeni akipewa namba ya simu ya mtu binafsi atumie amana, anarudi nyuma, na ana haki. Tumia Paybill au Buy Goods ili ujumbe wa M-Pesa umwonyeshe jina la biashara. Ikiwa umesajiliwa kwa jina lingine, mwambie mapema: "Utaona jina fulani, ndiyo kampuni yetu."

"Kamisheni inatuumiza. Naruhusiwa kuweka bei ya chini kwenye tovuti yangu?"

Soma mkataba wako kwanza. Baadhi ya mikataba inakataza kutangaza hadharani bei ya chini kuliko ile uliyowapa. Booking.com iliondoa sharti hilo mwaka 2024, lakini ni kwa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, kwa hiyo usijifariji nalo ukiwa Nairobi.

Njia salama ni kuacha bei ilivyo na kumwongezea kitu anayebuku kwako moja kwa moja. Tuseme kamisheni ni asilimia 15: wale wa Kisumu wa 11,000 wangepitia Booking.com, ungekatwa 1,650. Ukiwaruhusu kutoka saa nane mchana badala ya saa nne, na chumba hakina mtu anayekisubiri, hujatumia karibu chochote. Kama mgeni anashuka treni ya Mombasa pale Syokimau, kumlipia teksi huenda kukamaliza akiba yote, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuahidi.

Ila usimwombe mgeni aliyekwisha kubuku Booking.com afute aje kwako. Huo ni uvunjaji wa mkataba. Mhudumie vizuri, na siku ya kuondoka mpe kadi yenye namba yako.

"Tovuti ipo na picha ni nzuri, lakini simu hailii."

Ifungue kwa simu ya bei rahisi, si kwa kompyuta ya aliyeitengeneza. Mara nyingi utakuta namba imeandikwa ndani ya picha, kwa hiyo haibonyezeki. Weka viungo viwili juu kabisa, namba ikianza na 254:

```
<a href="tel:+2547XXXXXXXX">Piga simu</a>
<a href="https://wa.me/2547XXXXXXXX">WhatsApp</a>
```

Kwenye wa.me usiweke alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, la sivyo kiungo huenda kisifungue mazungumzo. Bei iandikwe hapohapo. Kisha hakikisha namba iliyo Google Maps ndiyo hiyohiyo.

"Usiku nani ajibu?"

Aliye mapokezi. Simu ya hoteli ikae mezani pake, si mfukoni mwa mwenye hoteli aliyelala Rongai. WhatsApp Business inakubali kuunganishwa na vifaa vingine, kwa hiyo bosi anaweza kufuatilia akiwa kwake. Na kabla ya kumwambia mgeni "chumba kipo", huyo wa zamu akifunge kwanza kule Booking.com, maana wawili wakiuziwa chumba kimoja usiku wa manane, wewe ndiye utakayemtafutia mmoja pa kulala kwa gharama yako.