Picha ya sakiti ikikuchanganya, shika penseli za rangi

Juzi usiku mpwa wangu wa kidato cha tatu alinitumia picha ya swali la fizikia kwa WhatsApp. "Mjomba, hii jibu lake ni 0.55, sivyo?" Picha ilipigwa kwa upande, kivuli cha simu kimeangukia nusu ya karatasi. Nimefundisha tuisheni ya fizikia miaka kadhaa, na hesabu za mwanafunzi wa namna hii mara nyingi huwa hazina kosa. Kosa huwa ameshalifanya kabla ya hesabu, pale alipoisoma picha.

Mchoro ulikuwa hivi. Betri ya volti 6, na resista tatu zimepangwa kwenye mstari mmoja: kushoto 6 Ω, katikati 3 Ω, kulia 2 Ω. Juu yake zimepita nyaya mbili. Wa kwanza unatoka mwanzo wa mstari, upande wa chanya ya betri, unapita kwenye ammita na kushuka kati ya 3 Ω na 2 Ω. Wa pili unatoka kati ya 6 Ω na 3 Ω, unaishia mwisho wa mstari, upande wa hasi. Swali: ammita inasoma ampea ngapi? Majibu ya kuchagua ni 0.55, 1, 5 na 6.

Yeye aliona resista tatu kwenye mstari akazijumlisha, akapata 11 Ω. Gawanya 6 kwa 11, unapata 0.55. Jibu lipo kwenye orodha, kwa hiyo akaamini. Watunga maswali wanaijua njia hiyo ya kukosea na ndiyo maana wameiwekea jibu lake.

Nilimwambia asikokotoe chochote kwanza. Auchore upya mchoro kwenye daftari, kisha achukue penseli nyekundu, aanzie chanya ya betri na kupaka rangi kila waya anaoweza kuufikia bila kuvuka resista. Akifika kwenye resista, asimame. Ammita aipite tu kama waya, kwa sababu ukinzani wake kwenye maswali haya huhesabiwa kuwa sifuri. Halafu achukue ya bluu na kufanya vivyo hivyo kuanzia hasi.

Akakwama mahali nyaya mbili za juu zinapopishana, maana kwenye picha palionekana doa jeusi. Je, hiyo ni nukta ya kiungo, au ni kivuli? Hapa usikisie. Jiulize ingekuwaje kama zimeunganishwa: nyekundu ingekutana na bluu moja kwa moja, betri ingekuwa imepigwa shoti, na hakuna hata jibu moja kati ya yale manne lingefaa. Hata hivyo nilimwomba apige picha nyingine, simu ikiwa juu ya karatasi na taa ikitokea ubavuni. Doa likatoweka. Nyaya zinapishana tu bila kugusana.

Alipomaliza, mchoro wote ulikuwa na rangi mbili tu. Tazama miguu ya kila resista. Ile ya 6 Ω: kushoto nyekundu, kulia bluu. Ya 3 Ω: kushoto bluu, kulia nyekundu. Ya 2 Ω: kushoto nyekundu, kulia bluu. Zote zina mguu mmoja kila rangi, maana yake zote ziko sambamba na kila moja inapata volti 6 kamili, ingawa kwa macho zimefuatana kama mabehewa.

Sasa hesabu inakuwa nyepesi. Kwenye 6 Ω unapita mkondo wa ampea 1, kwenye 3 Ω ampea 2, kwenye 2 Ω ampea 3. Jumla inayotoka kwenye betri ni 6, na ukinzani wa jumla ni 1 Ω. Hapo pana njia ya kujikagua: resista zikiwa sambamba, jumla lazima iwe ndogo kuliko ile ndogo kuliko zote, na kweli 1 ni ndogo kuliko 2.

Mpwa wangu akaandika haraka: "Basi ni 6!" Bado. Ammita haipo kwenye waya wa betri. Rudi kwenye picha, weka kidole kwenye chanya. Kabla mkondo haujafika kwenye ammita, ampea 1 imeshachepuka kwenda kwenye resista ya 6 Ω. Zinazopita kwenye ammita ni zile za kulisha 3 Ω na 2 Ω, yaani 2 na 3. Ammita inasoma 5. Na kumbuka kwamba kwenye resista ya kati mkondo unakwenda kulia kuelekea kushoto, kwa kuwa nyekundu yake iko kulia.

Ukipaka ukajikuta umebakiwa na kipande cha waya ambacho si chekundu wala si bluu, kipe rangi ya tatu. Resista mbili zenye miguu ya rangi zilezile ziko sambamba. Rangi ikigusa miguu miwili tu, mmoja wa kila resista, bila tawi jingine, hizo mbili zimefuatana. Usipopata hata jozi moja ya aina hizo, kanuni za sambamba na mfuatano peke yake hazitoshi, na itabidi uandike milinganyo ya mikondo kwenye kila kiungo.